Maski ya uso: kuongeza Feather hakusafishi ukingo

Msimu wa mahafali ukifika Dodoma, mafundi wa picha hupokea kazi ya aina moja kila mara: mhitimu kapigwa picha nje, jua la saa saba, nyuma yake ukuta mweupe, na sasa anataka bakgraundi ya bluu iliyokoza. Hapo ndipo imani tulizorithishana kuhusu maski zinapoumbuka.

Dhana: Kifutio na maski ni kitu kimoja.

Kwa macho, ndiyo. Lakini kifutio huondoa pikseli, maski huzificha tu: palipopakwa nyeusi hapaonekani, palipo peupe panaonekana, na kijivu hupitisha kiasi. Ukikata sikio kwa bahati mbaya, unalirudisha kwa brashi nyeupe hata kesho kutwa.

Dhana: Ukingo ukiwa mbaya, ongeza Feather.

Hii ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko zote. Feather hailainishi kuelekea ndani peke yake. Inatandaza mpito pande zote mbili za mstari uliouchora: upande wa ndani ngozi inaanza kufifia, upande wa nje ukuta unaanza kuchungulia. Ukuta mweupe ukichungulia juu ya bluu iliyokoza, unapata ule utepe mweupe kuzunguka taya. Fundi akiuona anaongeza Feather, na utepe unapanuka.

Dawa ni kuusogeza mstari ndani kwanza, ndipo ulainishe. Tuseme picha ina pikseli 3000 kwa 4000, na uso umechukua upana wa pikseli 1200 hivi. Katika GIMP, zungushia uso na mabega kwa Free Select, kisha fuata mpangilio huu:

```
Select > Shrink: 3
Select > Feather: 6
Layer > Mask > Add Layer Mask: Selection
Select > None
```

Kwa vipimo hivi, mpito unaishia karibu na mstari wako wa awali badala ya kuuvuka na kuingia ukutani. Hatua ya mwisho wengi huisahau, halafu wanashangaa brashi inagoma kupaka nje ya eneo lililochaguliwa.

Katika Photoshop, Select > Modify > Contract hufanya kazi ya Shrink. Feather yenyewe ni afadhali kuiacha mpaka maski iwepo, kisha uiweke kwenye paneli ya Properties, kwa sababu hapo unaweza kuibadilisha wakati wowote. Ila usihamishe namba ya GIMP kama ilivyo: namba ileile katika Photoshop hulainisha zaidi, kwa hiyo anza na 1 au 2.

Dhana: Uso mzima unahitaji ulaini mmoja.

Kamera haikuona hivyo. Picha ikipigwa kwa lenzi iliyofunguliwa sana, macho na pua huwa makali, masikio yameanza kufifia. Ukingo wa kofia ya mahafali ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Nywele za kipilipili hazina mstari kabisa. Ukiweka Feather moja kwa vyote, kofia itaonekana ya pamba na nywele zitaonekana zimenyolewa kwa rula.

Kwa hiyo weka ulaini mdogo unaofaa taya, mengine yamalizie kwa mkono juu ya maski. Masikio yapitishie zana ya Blur mara moja au mbili. Kofia ipakwe kwa brashi ngumu. Kwenye nywele tumia brashi laini nyeusi, Opacity 20 au 30, ukigusagusa kutoka nje kuingia ndani mpaka weupe wa ukuta utoweke. Hakikisha umebofya kijipicha cha maski kwanza, la sivyo utapaka rangi usoni mwa mteja.

Dhana: Kuna namba sahihi ya Feather.

Namba ni pikseli, na pikseli hutegemea ukubwa wa picha. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa 300 dpi, ina pikseli 413 kwa 531 tu. Ukiipunguza ile picha yetu kutoka urefu wa 4000 hadi 531, imegawanywa kwa zaidi ya saba. Ulaini wa pikseli sita unabaki chini ya pikseli moja, na hapo hakuna anayeuona. Ukiweka sita baada ya kupunguza, taya litayeyuka. Maski itengenezwe kwenye picha kubwa, kupunguza kuje mwisho.

Kabla ya kuchapa, weka kwa muda leya nyekundu kali chini ya uso, kisha nyeusi, ukiwa umevuta picha hadi asilimia 100. Mabaki ya ukuta yatajianika kwenye nyeusi. Halafu bofya kijipicha cha maski huku umeshika Alt: madoa ya kijivu katikati ya shavu, ambayo bluu ingeyaficha, yataonekana hapo wazi. Yapake nyeupe.