Assure, ensure na insure: Kiswahili chako kinakusaidia kuyatenganisha

Haya maneno matatu yanapishana herufi chache tu, halafu kompyuta haikupigii ule mstari mwekundu maana yote yameandikwa sawa, kosa liko kwenye maana. Ila sisi waongeaji wa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini watu hawaitumii.

Iko hivi: assure ni kuhakikishia, ensure ni kuhakikisha, insure ni kukata bima. Ukisema "nakuhakikishia mzigo utafika" kuna mtu unamtoa wasiwasi, kwa hiyo ni I assure you. Ukisema "nitahakikisha mzigo unafika" hapo kuna kazi utaifanya ili jambo litokee, basi ni I will ensure. Ndo maana We assure that the goods will arrive inasikika imekatika katikati, ni kama mtu aseme "tunahakikishia kwamba" halafu asitaje anamhakikishia nani, hiyo assure inadai mtu nyuma yake, weka you.

Sasa insure ndo ya hatari. Kuna jamaa niliwahi kufanya naye kazi alimwandikia mteja We will insure your goods until they arrive, yeye akilini anamaanisha tutahakikisha mzigo uko salama. Mteja akasoma kilichoandikwa, yaani mzigo una bima, basi yeye hakukata ya kwake. Mzigo ukalowa njiani, mteja akaomba hati ya bima, hati haipo, na imeili anayo mkononi. Utamjibu nini? Jamaa angeandika We will keep your goods safe yasingemkuta hayo, ingawa nayo ni ahadi.

Na hata ensure usiitawanye ovyo. We will ensure delivery by Friday maana yake umeahidi matokeo, sio juhudi. Kama kuna forodha au msafirishaji mwingine katikati ambaye humwamuru, andika We will do our best to deliver by Friday. Wahandisi na wasanifu majengo huwa wanashauriwa walikwepe hili neno kwenye mikataba, kwa sababu bima zao za kitaaluma mara nyingi hazilipii ahadi ya matokeo.

Utakutana pia na Mmarekani anaandika insure akimaanisha ensure, usishangae, hata utangulizi wa katiba yao ya 1787 una insure domestic Tranquility. Na Waingereza bima ya maisha wengine wanaiita life assurance. Wewe kwa mteja insure ibaki na maana ya kukata bima tu.

Ah, na hii ya kindly advice imenichosha. Advice yenye c ni ushauri, advise yenye s ni kushauri, unamwomba mtu afanye kitendo kwa hiyo ni kindly advise.