Tokeni iliyosainiwa: kipi kinakaa kwenye simu ya mteja, kipi kinakaa kwenye seva

Chukua duka la vitenge la Bukavu lenye programu yake ya simu. Mteja wa Kadutu anabonyeza "Ingia kwa Google", anachagua akaunti, na muda si mrefu anaona oda zake. Neno lake la siri duka halijaliona wala halilihitaji. Hiyo ndiyo kazi ya OAuth pamoja na nyongeza yake ya utambulisho, OpenID Connect: Google inathibitisha mtu ni nani, kisha seva ya duka iliyoko kwenye wingu inampa tokeni yake yenyewe, yaani kibali cha kidijitali ambacho programu inakionyesha kila inapoomba kitu.

Ukurasa wa kuingia hufunguliwa kwenye kivinjari cha simu, kamwe si kwenye dirisha lililo ndani ya programu, kwa sababu dirisha hilo programu inaweza kusoma kinachoandikwa humo. Kabla ya kukifungua, programu inatunga siri ya nasibu yenye herufi 43 hadi 128 na kumtumia seva ya duka alama yake tu ya SHA-256, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa siri tena. Mteja akishakubali, kivinjari kinarudisha kwa programu msimbo wa kutumika mara moja. Programu inaupeleka kwa seva pamoja na ile siri yenyewe; seva inakokotoa alama upya na kulinganisha. Programu nyingine ikiudaka msimbo njiani, haitapata kitu, maana siri haina. Utaratibu huu unaitwa PKCE, na programu ya simu isiyoutumia ina mlango wazi.

Seva inajibu kwa tokeni mbili: ya kuingilia, na ya kuhuishia, ambayo programu huitumia kuomba ya kuingilia mpya. Ya kwanza ni JWT: sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, yaani kichwa, maelezo na saini. Maelezo yakifunguliwa yanasomeka hivi:

```json
{
  "iss": "https://ingia.duka.example",
  "sub": "m-4817",
  "aud": "oda",
  "iat": 1767600000,
  "exp": 1767600900
}
```

Namba mbili za mwisho ni sekunde tangu mwaka 1970. Kwa saa ya Bukavu, tokeni hii imetolewa tarehe 5 Januari 2026 saa nne kamili asubuhi, na inakufa saa nne na robo. Saini inazuia mtu kubadilisha maelezo, lakini haiyafichi: yeyote aliyeishika tokeni anayasoma. Kwa hiyo namba ya simu na anwani ya mteja visiwekwe humo.

Watu wengi hudhani tokeni hii imehifadhiwa mahali fulani kwenye wingu. Haipo. Seva ya oda ina ufunguo wa wazi tu, unaotosha kuhakiki saini lakini si kuitunga. Inapima saini, inaangalia `iss`, yaani nani ameitoa, `aud`, yaani imekusudiwa huduma ipi, na `exp`, yaani mwisho wake, basi. Kwenye hifadhidata mnabaki vitu vichache: namba ya mteja ya duka, ile `m-4817`, `sub` aliyopewa na Google, yaani namba yake ya utambulisho huko (tambulisha mteja kwa hiyo, si kwa barua pepe, kwani barua pepe hubadilika), na alama ya SHA-256 ya tokeni ya pili, ile ya kuhuishia, pamoja na tarehe ya mwisho wake, tuseme siku 30.

Sasa simu inaibiwa sokoni saa nne na dakika tano, ikiwa haijafungwa. Mteja anatumia simu ya ndugu yake kulijulisha duka, na saa nne na dakika saba duka linafuta mstari wa tokeni ya kuhuishia. Mwizi bado anaona oda kwa dakika nane zaidi. Si hitilafu: tokeni iliyosainiwa haiulizwi popote, kwa hiyo kufuta mstari hakuifikii. Saa nne na robo programu inaomba tokeni mpya, inakataliwa, na mlango unafungwa. Ndiyo maana dakika 15 ni muda wa busara, na saa 24 ni hatari. Kwa tendo zito, kama kubadilisha mahali pa kupeleka mzigo, seva iangalie hifadhidata hata kama saini ni nzima.

Tatizo linalosumbua zaidi ni la mtandao. Seva nyingi hubadilisha tokeni ya kuhuishia kila inapotumika, na ya zamani ikirudi tena huihesabu kuwa imeibwa na kumtoa mteja. Mtandao ukikatika baada ya seva kubadilisha lakini kabla jibu halijafika, simu inabaki na ya zamani, inajaribu tena, na mteja mwaminifu anatupwa nje. Kwenye kumbukumbu za seva utaona maombi mawili yenye tokeni ileile, yakipishana kwa sekunde chache, kutoka simu moja. Dawa yake ni kuikubali ya zamani kwa muda mfupi, kwa mfano sekunde 30, na kuhakikisha programu haitumi maombi mawili ya kuhuisha kwa wakati mmoja.