Mkaguzi hufuata sampuli

"Wakaguzi wa ithibati wanaangalia makaratasi tu. Tukijaza fomu zilizobaki wazi, tumepita."

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Wapo wanaosema hivyo. Fomu zina kazi yake, ila mkaguzi wa ISO 15189 huweza kuchukua jibu moja la mgonjwa na kurudi nalo nyuma: nani alipokea sampuli, mashine ipi ilipima, kontroli ya siku hiyo ilisomaje, kitendanishi kilihifadhiwa wapi. Kisha humwomba mpimaji aonyeshe kazi yake.

Chukueni jokofu la vitendanishi, linalotakiwa kuwa nyuzi 2 hadi 8. Tuseme asubuhi moja limesoma 11. Ukiandika 11, saa, vitendanishi ulivyohamisha na kontroli uliyorudia kabla ya kutoa majibu, mkaguzi ataona mfumo unafanya kazi. Ukijaza 5 wiki mbili baadaye, huko ni kughushi, na wino uleule mwezi mzima huonekana. Siku isiyosomwa iacheni wazi, mwandike sababu na kutia sahihi kwa tarehe mnayoandika.

Wiki hii kila mmoja achague jibu la mwezi uliopita, alifuate hivyo mpaka kwenye jokofu. Kumbukumbu zikikatika njiani, niletee tuandike kasoro hiyo na marekebisho yake.

Meneja wa Maabara