Ankara Inapodai Mifuko Ambayo Haikufika: Kuikataa kwa Utaratibu na Kudai Marekebisho

Tuchukue hoteli moja iliyo kando ya barabara ya kutoka Moshi kwenda Marangu, inayojenga nyumba za watumishi wake mwezi Machi, masika yakiwa yameanza. Hoteli imetoa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, kwa duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi ya mifuko 300 ya saruji, kila mmoja shilingi 15,000 kabla ya VAT. Saruji imeletwa kwa safari mbili. Safari ya kwanza imeshusha mifuko 160. Safari ya pili ilipaswa kuleta 140, lakini mtunza stoo aliposimama nyuma ya lori na kuhesabu kwa mafungu ya kumi kumi alipata 132, na kati ya hiyo saba ilikuwa imelowa kwa sababu turubai lilichanika pembeni, akairudisha kwa lori hilohilo. Iliyoingia stoo kwa safari hiyo ni 125, na kwa jumla 285. Siku nne baadaye ankara inafika ofisini ikidai mifuko 300.

Watu wengi wakiiona ankara ya namna hii hukimbilia kalamu: hukata 300, huandika 285 juu yake, hupiga hesabu upya na kulipa. Wengine hulipa pungufu bila kusema neno, wakiamini kwamba muuzaji ataelewa mwenyewe. Njia zote mbili huonekana za haraka, na zote mbili huacha tofauti kwenye vitabu vya pande mbili ambayo hakuna hati inayoieleza. Kwenye daftari la muuzaji hoteli itabaki ikidaiwa shilingi 265,500, yaani mifuko 15 kwa 15,000 ambayo ni 225,000, pamoja na VAT ya asilimia 18 ambayo ni 40,500. Baada ya miezi mitatu, karani mpya wa muuzaji ataiona kama deni lililochelewa na kuzuia mzigo unaofuata, wakati huo hata mtunza stoo aliyehesabu huenda ameshahama.

Kabla ya kuikataa ankara, mhasibu anapaswa kuweka mezani hati tatu: LPO, hati ya mapokezi ya bidhaa inayojazwa na stoo, na ankara yenyewe. LPO inasema kilichoagizwa na bei yake, hati ya mapokezi inasema kilichoingia, na ankara inasema kinachodaiwa. Kiasi cha kulipia hutoka kwenye hati ya mapokezi na bei hutoka kwenye LPO. Ankara haina mamlaka ya kubadilisha lolote kati ya hayo mawili. Ni vyema pia kuangalia kipimo kabla ya kulaumu mtu, kwa maana tofauti nyingine si za hesabu bali za jina: stoo imeandika katoni 10 na muuzaji ameandika vipande 240, na wote wawili wako sahihi.

Nguvu ya hoja ya mnunuzi, hata hivyo, haipatikani ofisini. Inapatikana getini, kwenye ile hati ya mzigo ambayo dereva huja nayo ikiwa imeshachapwa tayari. Hati hiyo mara nyingi huchapwa kutoka kwenye oda kabla lori halijapakiwa, kwa hiyo itasema 140 hata kama makuli wamepakia 132. Mlinzi au mpishi anayeisaini kwa sababu dereva ana haraka amekiri kwa mkono wake kwamba 140 imepokelewa, na baada ya hapo barua yoyote ya mhasibu itajibiwa kwa nakala ya saini hiyo. Katika mfano wetu mtunza stoo aliandika kwa mkono, kwenye nakala yake na ya dereva, maneno haya: «Imefika 132, imerudishwa 7 iliyolowa, imepokelewa 125», kisha dereva akasaini chini yake pamoja na namba ya gari. Mstari huo mmoja ndio utakaomaliza ubishi wote utakaofuata, na kwa maoni yangu una thamani kuliko mihuri mitatu.

Sheria nayo iko wazi kwa upande huu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi aliyeletewa kiasi pungufu haki ya kukataa mzigo wote. Lakini akichagua kuupokea, analazimika kulipia alichopokea kwa bei ya mkataba. Hoteli imeipokea mifuko 285, kwa hiyo haiwezi kutumia kosa la ankara kama kisingizio cha kutolipa kabisa. Inachokataa ni ankara, si deni la mifuko iliyo stoo, na barua ya kukataa inapaswa kuonyesha tofauti hiyo.

Sasa linakuja swali ambalo wengi hulikosea: tuombe ankara mpya iliyosahihishwa, au tuombe hati ya kupunguza deni, ile ambayo maofisini huitwa krediti noti? Jibu linategemea kama mauzo hayo yameshatolewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ikiwa kilichofika ni ankara tupu ya muuzaji na risiti ya EFD bado, basi njia fupi ni muuzaji kuifuta ankara hiyo na kutoa nyingine ya mifuko 285, yenye namba mpya na inayotaja namba ya ile iliyofutwa. Asikubaliwe kuleta ankara mpya yenye namba ileile ya zamani, kwa sababu hapo kutakuwa na karatasi mbili zinazofanana jina na kutofautiana fedha, na siku moja mojawapo italipwa mara ya pili.

Ikiwa risiti ya EFD imeshatoka kwa mifuko 300, hali ni nyingine. Taarifa za mauzo hayo zimeshapelekwa TRA na mashine, na muuzaji hawezi kuirudisha risiti hiyo kama mtu anayefuta ubao. Akitoa risiti nyingine ya mifuko 285 bila kuirekebisha ya kwanza, kwenye kumbukumbu ataonekana ameuza mifuko 585, na hoteli itakuwa na risiti mbili za VAT kwa mzigo mmoja. Hapa ndipo krediti noti inapohitajika: ankara ya kwanza inabaki kama ilivyo, na hati ya pili inapunguza mifuko 15 pamoja na kodi yake. Krediti noti inayofaa hutaja jina la muuzaji, TIN yake na VRN, yaani namba yake ya usajili wa VAT, namba na tarehe ya ankara inayorekebishwa, sababu, idadi ya bidhaa, thamani kabla ya kodi, na VAT katika mstari wake. Ile inayosema tu «punguzo, shilingi 265,500» irudishwe, kwa sababu haionyeshi kodi ni kiasi gani na inaweza kusomwa kama punguzo la bei kwa mteja mzuri.

Simu ipigwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi makosa haya hutokana na karani aliyenakili oda badala ya hati ya mzigo, naye hurekebisha siku hiyohiyo bila ugomvi. Hata hivyo simu ifuatwe na barua au barua pepe, ndani ya siku moja au mbili tangu ankara ipokelewe, kwa maneno ya namna hii:

«YAH: KUKATALIWA KWA ANKARA NA. 0417 YA MIFUKO 300 YA SARUJI

Ndugu Meneja wa Mauzo, husika na kichwa cha habari hapo juu. Ankara tajwa inadai mifuko 300. Kwa mujibu wa hati zenu mbili za mzigo zilizosainiwa na madereva wenu, tulipokea mifuko 285: mifuko 160 safari ya kwanza na 125 safari ya pili. Mifuko 8 haikufika na mifuko 7 ilirudishwa ikiwa imelowa. Kwa kuwa risiti ya EFD imeshatolewa, tunaomba krediti noti ya mifuko 15, yenye thamani ya shilingi 225,000 na VAT ya shilingi 40,500, jumla shilingi 265,500. Kiasi tunachokubali kudaiwa ni shilingi 5,044,500, nacho kitalipwa kwa masharti ya LPO mara tutakapopokea hati hiyo. Tumeambatanisha nakala za LPO, hati za mzigo na hati za mapokezi.»

Barua hiyo imetenganisha mifuko minane na saba kwa makusudi. Minane ni suala la upakiaji au la njiani, na muuzaji atataka kumuuliza dereva wake. Saba ni suala la ubora, na muuzaji anaweza kusema kwamba mifuko haikurudi ghalani kwake. Zikichanganywa kuwa «pungufu 15», atajibu hoja moja na kuiacha nyingine ikielea.

Nakala halisi ya ankara isichorwe wala isirudishwe peke yake bila kubaki na nakala. Ipigwe picha, iandikwe kwenye rejista ya ankara kama «imekataliwa» pamoja na tarehe na sababu, na iwekwe kwenye faili la zinazosubiri, mbali na zile zilizoidhinishwa kulipwa. Nimewahi kuona ankara yenye ubishi ikilipwa yote kwa sababu tu ilikaa katikati ya rundo la Ijumaa lililosubiri saini ya mkurugenzi.

Jibu litakalokuja mara nyingi ni hili: «Bosi, tusisumbuane, tutawaongezea mifuko 15 safari ijayo.» Ni ahadi ya kiungwana, na mara nyingine hutimizwa, lakini mimi ningeikataa kwa heshima. Mzigo ujao utakuja na mifuko 15 isiyo na LPO, stoo itaipokea kama ziada, ankara yake itakuwa na idadi isiyolingana tena na mapokezi, na sasa kutakuwa na ankara mbili mbovu badala ya moja. Kama hoteli kweli bado inaihitaji, muuzaji atoe krediti noti kwanza, kisha LPO mpya ya mifuko 15 ifuate njia yake ya kawaida.

Ikiwa tarehe ya malipo imefika na krediti noti haijaja, hoteli inaweza kulipa shilingi 5,044,500 ambazo hazina ubishi na kuambatanisha maelezo ya malipo yanayotaja ankara, kiasi kilichozuiwa na tarehe ya barua. Hii ni tofauti kabisa na kulipa pungufu kimyakimya, kwa kuwa muuzaji anajua fedha zilizobaki zimesimama wapi na kwa nini.

Linabaki suala la mwezi. Tuseme ankara ni ya tarehe 28 Machi na krediti noti imetolewa tarehe 9 Aprili, wakati ritani ya VAT ya Machi inatakiwa ifikapo tarehe 20 Aprili. Kishawishi ni kudai kwenye ritani ya Machi VAT yote ya 810,000 iliyoandikwa kwenye ankara, kwa hoja kwamba risiti ipo. Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha ankara hiyo nje ya madai ya Machi na kuingiza zote mbili pamoja kwenye ritani ya Aprili: 810,000 kwa ankara, kupunguza 40,500 kwa krediti noti, kubaki 769,500. Siku hiyohiyo hati inapoingizwa kwenye vitabu, gharama ya saruji hupungua kwa 225,000, VAT ya manunuzi kwa 40,500, na deni la muuzaji kwa 265,500, kisha namba ya krediti noti huandikwa kwenye rejista mbele ya neno «imekataliwa», na ankara hutolewa kwenye faili la zinazosubiri.