"Maji safi na ya kutosha": swali moja, majibu manne

Huku Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, dodoso nyingi hufika kwa Kiswahili, na swali la maji karibu kila mara huja hivi: "Je, unakubali kwamba bomba jipya linawapa maji safi na ya kutosha?" Swali hilo linauliza mambo mawili kwa pamoja, tena linamsukuma mtu akubali. Hizi hapa dhana nne potofu kuhusu maswali ya aina hiyo.

Dhana: mhojaji mzuri atalinyoosha swali hapo hapo.
Hawezi, kwa sababu mama akijibu, "Safi ndiyo, ila tunapata madumu mawili tu," mhojaji mmoja ataweka alama kwenye Ndiyo na mwenzake kwenye Hapana. Kwenye jedwali, mtu mwenye maji machafu tele na mwenye maji safi kidogo wanakuwa Hapana ile ile. Hakuna hesabu itakayowatenganisha baadaye.

Dhana: ukiona "na", kata.
Kuna "na" isiyo na kosa. "Uliosha mikono kwa sabuni na maji?" ni tendo moja, liache. Kwa upande mwingine, "Wazazi wako wanajua kusoma?" halina "na" hata moja, ilhali linauliza watu wawili. Mimi hutumia kipimo kimoja: je, mtu anaweza kukubali nusu moja na kukataa nyingine? Kama anaweza, hayo ni maswali mawili.

Dhana: ongeza "au hukubali", upendeleo umekwisha.
Swali bado linausifu upande mmoja tu, ule wa kukubali. Mgeni aliyevaa fulana ya shirika huitikiwa kwa adabu, hasa mwenyeji akihisi kwamba shirika hilo ndilo lililoleta bomba. Ondoa "unakubali" na "jipya", kisha uliza jambo lililotokea:

1. Jana, nyumba yenu ilichota maji wapi? (Kama si bombani, ruka hadi sehemu inayofuata.)
2. Mlichota madumu mangapi ya lita 20 kwenye bomba hilo?
3. Kwa matumizi yenu ya jana, maji hayo yalitosha au hayakutosha?
4. Yalikuwa na rangi, au hayakuwa na rangi?

Swali moja limekuwa manne, lakini asiyetumia bomba anajibu la kwanza tu. Neno "safi" nimelitoa kwa makusudi: huyu husikia rangi, yule ladha, mwingine kuumwa tumbo. Hata maji yasiyo na rangi yanaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo usalama wake utajulikana kwa kupima sampuli. Dodoso haliwezi kazi hiyo.

Dhana: ndiyo ni ndiyo.
Muulize Mswahili, "Jana hamkupata maji?" Akisema "Ndiyo", mara nyingi maana yake ni "Ndivyo, hatukupata." Mhojaji aliyezoea Kiingereza cha ofisini ataandika kwamba walipata. Liandike swali "Jana mlipata maji, au hamkupata?", na visanduku viwe "Walipata" na "Hawakupata", bila ndiyo wala hapana. Ukilijaribu kwa majirani watano kabla ya kuchapa, waombe wakueleze kwa maneno yao swali limeuliza nini. Ukipata maelezo mawili tofauti, rudi kwenye kalamu.