Namba iliyofutwa ikarudi: nodi ikizimika masaa matano kwenye Cassandra

Watu wengi wanaotuuliza kuhusu Cassandra, hifadhidata inayoweka nakala za data kwenye kompyuta kadhaa ziitwazo nodi, wanaamini nodi ikianguka ikirudi itajirekebisha yenyewe, na kwa sehemu ni kweli, ila ile sehemu inayobaki ndiyo inaleta balaa.

Chukua nodi tatu, A, B na C, kila data ina nakala zote tatu. C inazimika saa 2 asubuhi. Kila kinachoandikwa kwa ajili yake, nodi iliyopokea ombi inakiweka pembeni kama hinti, C ikirudi inapelekewa. Lakini kwa mpangilio wa kawaida hinti zinawekwa masaa 3 tu, yaani mpaka saa 5, baada ya hapo hakuna anayeiwekea C kitu. Saa 6 mchana mteja anafuta namba yake ya simu, A na B wanaandika alama ya kufuta. C inarudi saa 7, inapata hinti zake za asubuhi, na ile namba bado inayo!

Sasa mtu akisoma hiyo rekodi kwa QUORUM, yaani zaidi ya nusu ya nakala zijibu, na C ikawa mojawapo ya nodi mbili zilizoulizwa, heshi, yaani muhtasari mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye data, hazitalingana, chenye muda mpya zaidi kinashinda na C inaandikiwa ile alama kabla jibu halijatoka. Safi. Ila rekodi isiyosomwa haiguswi, na ukisoma kwa ONE inaulizwa nodi moja tu, hakuna cha kulinganisha.

Kinachobaki ni ripea, yaani kulinganisha nakala zote na kuzisawazisha, hapa kwa data iliyo chini ya jina wateja:

```
nodetool repair -full wateja
```

Hapo kila nodi inatengeneza mti wa Merkle, chini kabisa kuna heshi za mafungu ya rekodi, juu yake heshi za heshi hadi kileleni. Vilele vikifanana kazi imeisha, visipofanana wanashuka tawi kwa tawi mpaka fungu lenye tofauti. Ujue tu kwamba fungu moja linaweza kubeba rekodi nyingi na linatumwa lote hata kama iliyopishana ni moja, ndo maana ripea inakula diski na mtandao na watu wanaiahirisha.

Kuahirisha ndiko kunakoumiza. `gc_grace_seconds` ni 864000, siku 10, zikipita A na B wanaruhusiwa kuitupa alama ya kufuta kabisa. Ukiendesha ripea baada ya hapo, mti unaonyesha C ina namba na wenzake hawana kitu, hakuna tena ushahidi kwamba ilifutwa, basi ripea yenyewe inaisambaza namba kwa A na B. Dalili utakayoiona ni rekodi zilizofutwa kuonekana tena, mwanzoni mara zipo mara hazipo kutegemea nodi gani imejibu.

Kwa hiyo ripea ianze na IMALIZIKE ndani ya siku 10, sisi tunashauri kila wiki ili ikikwama upate nafasi ya kurudia. Na nodi iliyokaa chini zaidi ya siku hizo usiiwashe na data yake ya zamani, ifute uijaze upya kutoka kwa wenzake.