Ufupisho: Ukinakili sentensi nzima, nafasi ya maneno inaisha kabla hoja hazijaisha

Sisi wa idara ya Kiswahili tukisahihisha ufupisho tunaona makosa mawili yakienda pamoja karibu kila mara, mwanafunzi kanakili sentensi za kifungu vilevile zilivyo halafu kapitisha idadi ya maneno. Wengi wanadhani ni makosa tofauti, kumbe la kwanza ndo linazaa la pili.

Hebu soma hii aya: "Watu wengi hulalamika kwamba usiku hawapati usingizi, kumbe wanakaa na simu kitandani hadi saa sita. Mwangaza wa simu huufanya ubongo udhani kwamba bado ni mchana. Isitoshe, habari wanazosoma huwatia wasiwasi, na wasiwasi huo huwafanya wageukegeuke kitandani kama samaki kwenye kikaango."

Hayo ni maneno 40. Swali linasema fupisha kwa maneno 15 hadi 20. Sasa mwanafunzi anaanza kunakili, sentensi ya kwanza peke yake imekula maneno 15 na hoja ni moja tu, anaendelea na ya pili, neno la 20 linaangukia kwenye "ubongo". Wasahihishaji wengi wanapiga mstari hapohapo na kinachofuata hakisomwi, kwa hiyo hoja ya pili imekatika katikati na ya tatu imepotea kabisa, japo kaiandika! Inauma maana kifungu alikielewa.

Fanya hivi. Kwenye nakala chafu andika hoja kwa vipande vya neno moja au mawili: simu kitandani, mwanga, wasiwasi. Samaki na kikaango ni mapambo, acha. Alafu funika kifungu kwa mkono, kifunike kweli, uunge vipande vyako: "Kutumia simu kitandani huwanyima wengi usingizi kwani mwanga wake huuhadaa ubongo na habari zake huwatia hofu." Maneno 16, hoja zote zimo.

Kuna wanaojaribu kukwepa kwa kubadilisha neno moja moja, "mwangaza" inakuwa "nuru", "simu" inakuwa "rununu", lakini mifupa ya sentensi ni ileile. Hapo bado umenakili na hujaokoa hata neno moja. Maneno ya msingi kama simu na ubongo yaache tu, hakuna anayekukata maksi kwa hayo, kinachotakiwa kuwa chako ni muundo wa sentensi.

Kwenye kuhesabu, "na" ni neno, "wa" ni neno, "ya" pia. Ukiona umezidi usikimbilie kufuta hoja, angalia kwanza viunganishi. "Kwa sababu" ni mawili, "kwani" ni moja. "Watu ambao wanasoma" ni matatu, "wanaosoma" ni moja. Kiswahili kinabeba mengi ndani ya kitenzi kimoja, tumia hiyo nafasi. Hesabu ukiwa bado kwenye nakala chafu, weka alama ya penseli kila baada ya maneno 10, ndo unakili nakala safi.